Mimba ya miezi 7: kiungulia, choo kigumu, misuli inakaza. Naombeni ushauri

Mama Kijacho (Moshi): Habari zenu wapendwa. Hii ni mimba yangu ya kwanza. Nikilala tu, moto unapanda kifuani hadi kooni. Choo kinapita siku tatu, nne, na kikija ni kigumu. Usiku wa manane kigimbi kinakaza mpaka napiga kelele. Mgongo nao, maana nauza nguo Mbuyuni na nashinda nimeinama. Nahisi vidonge vya damu ndivyo vinanifunga choo, nataka niviache.

Shangazi wa Himo: Pole mwanangu. Kiungulia ni nywele za mtoto, ukijifungua kinaisha. Lamba magadi. Kwa choo, kijiko kimoja cha mafuta ya nyonyo.

Mkunga wa Majengo: Shikamoo shangazi. Kuisha akijifungua ni kweli. Ila nyonyo asiguse, inaharisha na inaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Magadi nayo yanamwongezea chumvi bure. Mama Kijacho, usiku unakula saa ngapi? Vidonge unamezea nini? Na udongo unakula?

Mama Kijacho: Nakula saa tatu nikitoka sokoni, halafu nalala. Vidonge namezea chai. Udongo sipitishi siku.

Mkunga wa Majengo: Basi tuanzie hapo. Vidonge vinafunga choo kweli, lakini udongo unafunga pia, na pamoja na chai unazuia damu isiongezeke. Vidonge usiache. Mezea maji, chai inywe saa mbili mbele. Ongeza maji, maharage, mboga, papai lililoiva. Choo kikigoma, kliniki wana dawa ya kulainisha.

Kiungulia chako kinatoka kwenye kula na kulala papo hapo. Homoni za mimba zimelegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula, ukilala asidi inarudi. Shibia mtori jioni ukiwa bado sokoni, usiku kula kidogo, kaa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Inua kitanda upande wa kichwani kwa matofali. Ila maumivu ya chembe ya moyo pamoja na kichwa kuuma sana au kuona ukungu si kiungulia, nenda hospitali saa hiyo hiyo wakupime presha.

Msuli ukikaza, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu vielekee kwako.

Baba Ngarenaro: Mke wangu kigimbi kimoja kimevimba, kina joto, kinauma hata mchana. Nimkande?

Mkunga wa Majengo: Usikande kaka! Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Mpeleke hospitali leo.

Dada Sakina: Mimi kalsiamu ilinisaidia misuli. Na mgongo nilimeza diklofenaki.

Mkunga wa Majengo: Kalsiamu kwa misuli, wengine inawasaidia, wengine hapana, na tafiti hazijakubaliana. Diklofenaki miezi hii hapana, inaweza kudhuru moyo na figo za mtoto. Parasetamoli inatosha. Panga nguo juu ya meza usiiname, lala kwa ubavu na mto katikati ya magoti. Mgongo ukija na homa, mkojo kuchoma, au ukiuma kwa vipindi, wahi hospitali.

Mama Kijacho: Asante dada. Udongo ndio utanishinda.

Mkunga wa Majengo: Mwambie nesi wazi kwamba unakula, akupime wingi wa damu. Hamu hiyo mara nyingi huendana na damu kupungua.