Mjadala: Kampuni ya simu ijue ulipo kwa kiasi gani?

Mkesha (mwenye mada)
Sheria iziruhusu kampuni za simu kujua tulipo kwa usahihi wakati wote, ili mtu akipiga namba ya dharura apatikane upesi? Na kwa sasa wanaona nini hasa?

Kibuyu
Naunga mkono moja kwa moja. Kwanza tusidanganyane, wanajua tayari. Simu inaongea na minara mitatu kwa pamoja, wanachora miduara mitatu, inapokutana ndipo ulipo, mpaka mlango wa chumba. Kinachokosekana ni sheria ya kuwalazimisha wawape waokoaji hizo taarifa.

Fundi Waya
Kibuyu mkuu, nimefanya kazi ya kupanga minara kwa muda mrefu, na hiyo miduara mitatu naiona kwenye filamu zaidi kuliko kazini. Kwa kawaida simu inahudumiwa na mnara mmoja. Mingine simu inaisikia tu, ili ijue ihamie wapi ishara ikififia.

Mnara huo mmoja unapata vitu viwili bila hata kuomba. Cha kwanza ni upande, maana minara mingi ina antena zinazotazama pande tatu, kila moja theluthi ya duara. Cha pili ni umbali wa kukadiria. Ili ishara za simu nyingi zisigongane zinapofika, mnara huiambia kila simu iwahi kutuma kwa kiasi gani. Iliyo mbali huambiwa iwahi zaidi. Kiasi hicho cha kuwahi kinatolewa kwa namba, na namba hiyo ndiyo inayotoboa siri. Kwenye 2G kila hatua moja ni kama mita 550. Kwenye 4G ni kama mita 78.

Sasa chukua mtu aliyepata ajali usiku, simu yake iko kwenye 2G na namba ya kuwahi ni 9. Maana yake yuko kati ya kilomita 5 na kilomita 5 na nusu kutoka mnarani, popote pale ndani ya theluthi ya duara. Upime huo ukanda: upana nusu kilomita, urefu zaidi ya kilomita 10. Ni kama kilomita za mraba 6 za kutafuta gizani. Ikiwa ni pori, una kazi. Ikiwa kuna barabara moja inayotoka upande wa mnara kwenda nje, inaukata ukanda mahali pamoja, na hapo unatafuta nusu kilomita tu. Namba ni ileile. Tofauti inaletwa na ramani.

Ukija 4G ukanda unakuwa mwembamba sana, lakini urefu wake hausogei hata mita moja. Watu husahau hilo. Na wimbi likigonga mlima au jengo kabla ya kufika, safari yake inarefuka, mnara unadhani uko mbali kuliko ulivyo.

Kibuyu
Sawa, lakini umesema inaisikia minara mingine. Si wapime nguvu ya kila mmoja?

Fundi Waya
Wanaweza, na wakati wa maongezi simu huripoti inavyoisikia minara ya jirani. Shida ni kwamba nguvu ya ishara haitegemei umbali peke yake. Ukuta, bonde, hata jinsi ulivyoishika simu, vyote vinaipunguza. Wewe hujakosea yote: njia ya kulinganisha muda kwa minara kadhaa ipo, na kuna mitandao iliyofunga vifaa vya kazi hiyo. Ila saa za minara zikipishana kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umeshakosea mita 300. Ni gharama, na porini ambako minara ni michache haisaidii kitu.

Dogo Chaji
Kwa hiyo niliyeibiwa simu walinidanganya? Nilikwenda kwenye ofisi ya kampuni yangu wakasema hawawezi kunionyesha nyumba iliko.

Fundi Waya
Hiyo ni mada nyingine, mdogo wangu, lakini kwa hilo hawakukudanganya. Huduma ya kutafuta simu iliyopotea hutegemea simu yenyewe kujipima kwa setilaiti na waifai, kisha kujitangaza kwa intaneti. Mnara hauijui nyumba.

Bi Rukia
Mimi naomba kueleweshwa. Gari letu lilitoka barabarani, kukawa giza, hakuna kibao wala jengo. Nikapiga kituo cha uokoaji, yule kijana ananiuliza "uko wapi mama?" tena na tena. Na mimi kwenye simu ileile nina ramani yenye kidoti cha bluu kinachonionyesha nilipo! Kwa nini yeye hakioni?

Fundi Waya
Bi Rukia, pole sana. Ulipiga namba fupi ya dharura au namba ya kawaida ya kituo?

Bi Rukia
Namba ya kituo. Niliihifadhi kwenye simu miaka yote, nikijua ndiyo ya kuaminika.

Fundi Waya
Basi jibu la mada yote linaanzia hapo. Kidoti cha bluu ni mali ya simu, mtandao hauna habari nacho. Simu inasikiliza setilaiti, inahesabu yenyewe, inachora kwenye kioo chako. Ili kimfikie yule kijana, lazima simu ikitume.

Upo utaratibu unaofanya hivyo, unaitwa AML. Ulianzia Uingereza mwaka 2014, ukaingia kwenye Android mwaka 2016 na kwenye iPhone mwaka 2018. Ukibonyeza namba ya dharura, simu inaitambua, inawasha lokesheni hata kama uliizima, inakusanya setilaiti na waifai kwa kama sekunde 20, kisha inatuma matokeo kwa kituo, mara nyingi kwa ujumbe mfupi usiouona. Nje kweupe unapatikana ndani ya mita chache au makumi ya mita. Ukimaliza, lokesheni inarudi ulivyoiacha.

Ila simu haiwezi kujua kwamba namba ndefu uliyohifadhi ni ya dharura. Kwake ni kama unampigia shangazi. Na hata kwa namba fupi, kituo cha upande wa pili lazima kiwe kimeandaliwa kupokea. Bila hivyo simu yako haina pa kutuma.

Kibuyu
Kwa hiyo nchi ikishaweka hiyo AML tatizo limekwisha?

Fundi Waya
Halijaisha. Chukua mahali ambapo mtandao wako haupo lakini wa kampuni nyingine upo. Simu itakubaliwa kupiga dharura kwa mnara wa wenzao, lakini haijasajiliwa pale, hivyo ujumbe mfupi hauendi. Kituo nacho hakiwezi kukupigia mkikatika. Hapo unarudi kwenye ule ukanda wa mnara, na kwenye mdomo wako. Usikate simu.

Mzee Hukumu
Niliwahi kufanya kazi za mahakama, nataka kurudi kwenye maneno mawili ya mwenye mada: "wakati wote". Fundi ametuonyesha kwamba usahihi unaookoa hutoka kwenye simu, dakika ileile ya kupiga. Sasa hayo mengine ya wakati wote ni ya nani?

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Carpenter. Polisi walikuwa wamechukua kumbukumbu za minara za mtu mmoja kwa siku 127, pointi 12,898, bila hati ya upekuzi inayotolewa na hakimu kwa sababu za kuridhisha. Hiyo ni kama mara 100 kwa siku. Mahakama ikasema hati hiyo inahitajika. Na hizo zilikuwa kumbukumbu za upande wa mnara tu, haya haya maeneo mapana ambayo Fundi anayasema. Hakuna aliyekuwa na kidoti cha bluu.

Kibuyu
Mzee wangu, aliyekuwa wizini ndiye wa kuogopa. Mimi wakinifuata wataona natoka kazini narudi nyumbani.

Mzee Hukumu
Hicho hicho cha kazini na nyumbani ndicho kinachokutambulisha. Watafiti walipima mwaka 2013 kumbukumbu za watu milioni moja na nusu, saa na antena tu, bila majina. Pointi nne zilitosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu. Ukiondoa jina lako hujajificha.

Na wanaoziona si polisi peke yao. Mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilizitoza kampuni kubwa za simu faini ya karibu dola milioni 200 kwa kuuza mahali walipo wateja kwa madalali wa taarifa. Kupitia mlango huo, sherifu mmoja wa Missouri alikuwa akiwafuatilia watu bila ruhusa halali. Faini hizo zimepingwa mahakamani, lakini biashara yenyewe ilikuwepo.

Fundi Waya
Niongeze jambo ambalo pande zote mbili hulikosea. Simu ikiwa imetulia, haitumii chochote, mtandao haujui hata uko kwenye mnara upi. Unajua eneo lenye minara mingi, na ukipigiwa, minara yote ya eneo hilo inakuita. Lakini nani ana simu iliyotulia siku hizi? Programu zinavuta ujumbe kila mara, na kila zikivuta mnara wako unajulikana. Kuzima GPS hakubadilishi chochote hapo.

Mlinzi wa Mlima
Mimi ni wa vikosi vya kutafuta waliopotea, na naona mnamsahau asiyepiga. Anayeteleza korongoni na kuzimia habonyezi namba yoyote, AML haiamki. Betri ikishakwisha tunachobaki nacho ni kumbukumbu ya mwisho: mnara upi, upande upi, saa ngapi, na ile namba ya umbali kama ilihifadhiwa. Mara nyingine hata hiyo inapotosha. Mtu aliye kwenye mteremko hushika mnara wa ng'ambo ya bonde, kwa sababu ule wa karibu umezibwa na mlima wenyewe. Hata hivyo ni afadhali kuliko kuanza bila kitu. Mzee, ukifuta kumbukumbu zote utatunyang'anya hicho.

Mzee Hukumu
Sikusema zifutwe zote. Mnamtafuta mtu baada ya muda gani?

Mlinzi wa Mlima
Saa kadhaa, siku chache. Baada ya wiki mbili taarifa za mnara hazinisaidii tena.

Mzee Hukumu
Basi zikae wiki mbili, si miezi mingi. Na ombi la uokoaji lisingoje hakimu, ila liandikwe nani ameomba na kwa nini, na mhusika aambiwe akishapatikana.

Fundi Waya
Wiki mbili kampuni hawataikubali. Kumbukumbu ya kila simu iliyopigwa hubeba mnara ndani yake, na inatunzwa kwa ajili ya malipo na malalamiko ya wateja. Kutenganisha kunawezekana: bakiza muda na gharama, futa mnara. Ila sijakutana na mhasibu aliyewahi kuomba kifutwe kitu.

Bi Rukia
Na mume anayemsaka mke aliyemkimbia akipiga akasema "mke wangu amepotea mlimani"? Naye ni ombi la uokoaji.

Mlinzi wa Mlima
Hilo limeshatokea kwetu. Siku hizi majibu hayaendi kwa aliyeomba, yanaenda kwa kikosi, na tukimpata mtu tunamuuliza yeye kwanza anataka nani ajue. Lakini nakiri kwamba anayepokea simu usiku hana njia ya kumtambua mwongo.

Kibuyu
Bado nasema wajue. Ila hiyo ya mume sina jibu lake.