Naenda likizo: niandike ujumbe wa kutokuwepo kwenye Teams, au otoripulai ya Outlook inatosha?

MzeeWaStoo
Wakuu salaam. Wiki ijayo naanza likizo. Kazini tunachati muda wote na sitaki mtu aniandikie halafu akae anasubiri. Nataka waone sipo na wajue wamuone nani. Wengine wanasema andika kwenye programu ya kuchati, wengine wanasema weka otoripulai ya barua pepe, basi. Ipi bora?

Kipanga_Dar
Weka status mkuu, picha ya begi na maneno "likizo mode". Ila inafutika baada ya saa 24, itabidi uweke kila siku.

dadaWaAkaunti
Kipanga, huyo anazungumzia kazini, si status za WhatsApp 😂 Mleta mada, hujasema lolote la kutusaidia. Mnatumia Teams au nini? Likizo siku ngapi? Wanaokutafuta ni wa ofisini tu au na wateja? Na huyo wa kukushikia kazi, yupo mmoja au zaidi?

MzeeWaStoo
Samahani dada. Ni Teams, pamoja na Outlook. Likizo ni ya mwaka, siku 28, kuanzia Jumatatu 1 Juni. Wanaonitafuta ni wa ofisini, ila wazabuni nao wananiandikia barua pepe, na wachache WhatsApp. Wakunishikia ni wawili: mmoja malipo, mwingine stoo na manunuzi.

Fundi Bits
Sasa tunaelewana. Bonyeza picha yako kwenye Teams, chagua "Set status message". Andika ujumbe, halafu tiki "Show when people message me". Ukishatiki, mtu akifungua chati yako anamjibu yule robo... yaani Teams inamjibu yenyewe kila akiandika.

mtu_wa_mifumo
Hapo mwisho umeteleza, Fundi. Teams haimjibu mtu chochote. Ujumbe unatokea juu ya kile kisanduku anachoandikia, ausome kabla hajatuma. Anayeandika mbiombio bila kutazama atatuma tu, na atasubiri. Usipotiki hiyo "Show when people message me" ni mbaya zaidi, maana mpaka mtu apeleke mshale kwenye jina lako ndiyo auone.

Kwa hali yako mimi ningetumia "Schedule out of office", ipo hapohapo Teams. Unaweka maandishi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, inakwenda mpaka Outlook na otoripulai inawaka huko. Ukiiweka kwa kuanzia Outlook, Teams nayo inaonyesha. Kuna sehemu ya kuwajibu walio nje ya ofisi, waandikie wazabuni maneno yao tofauti, hawana haja ya kujua nani ndani anashika nini. Faida nyingine, siku ikifika inazimika yenyewe. Ile status ya kawaida ukiacha isifutwe, utarudi kazini na watu wataendelea kukuruka kwenda kwa wenzako.

Jambo moja tu: otoripulai ya Outlook inamjibu kila mtumaji mara moja. Mzabuni akiandika tena wiki ya tatu hapati kitu, na yale ya kwanza ameshayasahau.

Bibi_Kontena
Zote hizo sawa, lakini shida haiko kwenye programu, iko kwenye jina. Nawasimulia yaliyotokea ofisi niliyokuwa zamani, ya kutoa mizigo bandarini.

Kaka mmoja alikwenda likizo akaandika "Nipo likizo, muoneni Halima." Tulikuwa na kina Halima wawili. Mmoja alikuwa nyaraka za forodha, ndiye aliyekusudiwa, mwingine uhasibu. Mteja wa kontena mbili akamuuliza kijana wa mapokezi, kijana akasoma status, akatuma nyaraka kwa Halima wa uhasibu. Huyu akaona invoisi, akajua ni kumbukumbu ya malipo, akaiweka kwenye faili lake. Halima wa forodha naye alikuwa hana habari kabisa kwamba ametajwa! Kaka wa watu hakumwambia, alidhani bosi atamwambia. Siku za bure za kuhifadhi mzigo zikaisha, stoji ikaanza kuhesabiwa kwa kila siku, na mteja anapiga simu anaambiwa "linashughulikiwa". Ilipogundulika, watu watatu walikuwa na ushahidi wa chati kwamba si kosa lao. Na kweli kila mmoja alikuwa na hoja! Bili ikabaki inazunguka mezani, mpaka naondoka pale sikujua nani alilipa.

mtu_wa_mifumo
Ndiyo maana kwenye status ya Teams unaweka @ na kuchagua mtu kwenye orodha. Msomaji anapata kumwandikia mwenyewe moja kwa moja, habari ya Halima yupi haipo. Nafasi ni herufi 280, inatosha kwa mtu kama MzeeWaStoo:

```
Nipo likizo 1–28 Juni, narudi Jumatatu 29.
Malipo ya wazabuni: @Salma
Stoo na manunuzi: @Baraka
Yasiyosubiri: mkuu wa idara
```

Umeona, ni kazi kwanza halafu jina. Mtu anatafuta shida yake, hatafuti mtu. Na hao wawili waonyeshe maandishi kabla hujayaweka.

Kipanga_Dar
Weka na namba yako ya simu kwa dharura.

dadaWaAkaunti
Thubutu! Ukiweka namba, kila kitu kinakuwa dharura. Hata karatasi ya printa ikiisha watakupigia.

Kipanga_Dar
Kuna ofisi usipopatikana unarudi kiti kina mtu mwingine dada. Tusidanganyane.

MzeeWaStoo
Na wale wa WhatsApp? Nina WhatsApp Business. Nitakuwa Ukerewe, kijijini mtandao wa kubahatisha.

Fundi Bits
Business ina "Away message", unaweka ratiba ya tarehe na unachagua nani wajibiwe. Hii kweli inajibu yenyewe, hapa sikosei.

mtu_wa_mifumo
Hukosei, ila simu lazima iwe na intaneti. Data ikikatika Ukerewe, hakuna jibu linalokwenda. Na kwenye magrupu haijibu. Kwenye grupu la idara andika ujumbe uleule kisha upini, kuna chaguo la siku 30, linafunika likizo yako yote.

Mama Mapacha
Mimi naenda ya uzazi, mapacha, kwa hiyo siku 100. Tarehe ya kuanza nitajuaje? Hiyo ratiba yenu inataka tarehe.

dadaWaAkaunti
Hongera mama! Andaa maandishi mapema, aliye karibu nawe akukumbushe kuwasha. Au weka tarehe ya daktari halafu uisogeze.

Bibi_Kontena
Akukumbushe nani, yuko leba? Afadhali waombe aitii wamuwashie.

Mkamba_Nairobi
Wenzetu wa Bongo mnafaidi, siku 28! Huku Kenya sheria inasema 21.

dadaWaAkaunti
Zenu ni 21 za kazi kaka. Zetu 28 ni mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote humohumo. Toa wikiendi uone zinabaki ngapi.

Mkamba_Nairobi
Zinabaki 20. Kumbe tunawashinda na moja 😄 Lakini kwetu wanaofanya kazi hadi Jumamosi hesabu inabadilika.

Kipanga_Dar
Mimi hizo 28 sijawahi kuzimaliza hata mwaka mmoja. Hivi ukiziacha wanakulipa au zinapotea?