MREJESHO: Kiatu chetu cha ngozi dhidi ya vya bei chee kutoka nje

Niliuliza: "Natengeneza viatu vya shule hapa Morogoro, nauza 45,000. Vya kutoka nje ni 18,000. Nijitambulishe vipi sokoni?"

Wadau, asanteni. Kauli yangu ya zamani, "Nunua cha nyumbani", nimeiweka kando, maana mteja alikuwa ananisifia kisha anavuka barabara kununua cha 18,000.

Aliyeniambia nichague mteja mmoja ndiye aliyenifungua macho. Mtoto wa darasa la pili mguu unakua kabla kiatu hakijachakaa, sasa mzazi wake alipie uimara wa nini? Huyo nimemwachia muuza vya plastiki vya 18,000. Nimebaki na wanafunzi wa sekondari za bweni, ambao mguu umeanza kutulia na fundi hayuko karibu. Kauli sasa inasomeka hivi:

"Kwa mzazi mwenye kijana bweni, hiki ni kiatu cheusi cha ngozi kinachomaliza mwaka bila soli kubanduka, kwa sababu imeshonwa kuzunguka, haikubandikwa kwa gundi tu. Uzi ukiachia ndani ya mwaka, tunashona bure."

Neno "imara" halimo, kila muuzaji analo. Badala yake nimepasua pea moja katikati nikaiweka mezani, mteja anaona uzi ulivyopita kwenye soli. Wanaoigusa hawaniulizi tena kwa nini 45,000, wanauliza kama namba 42 ipo.

Kwa sendozi za kina dada kauli hii haifai, wao wanatazama mtindo. Hizo nitaziandikia yake.