Kioo cha bafuni: siki, spiriti au dawa ya kupuliza, ipi haitaingia nyuma ya kioo pembeni?

mkazi_wa_tegeta
Wakuu habari za jioni. Nina kioo cha bafuni, sentimita 60 kwa 90, kipo juu ya sinki, kimeshikwa na klipu nne na chini kimekalia kipande cha alumini kilichokunjwa kama mfereji. Kina miaka miwili tu. Maji yetu huku ni ya kisima, yana chumvi, basi kioo kimejaa madoa meupe kama vitone vya mvua vilivyokaukia, ukifuta na kitambaa chenye maji unayasambaza tu. Halafu nikioga maji ya moto kinaingia ukungu mpaka nanyoa ndevu kwa kubahatisha. Hayo yote nilikuwa navumilia ila juzi nimeona ukingo wa chini umeweka mstari mweusi upana wa kucha hivi, na sehemu tatu weusi umepanda juu kama vidole. Ndani nina siki, spiriti ya duka la dawa, na ile dawa ya bluu ya kupuliza. Waifu anasema zote sawa tu, cha msingi kifutwe. Nyie mnatumia ipi?

bibie_kimara
Siki kaka, usihangaike. Mi nachanganya nusu siki nusu maji, natia kwenye chupa ya kupuliza, napuliza kioo chote kiloane, nasubiri dakika kumi nafuta na gazeti. Madoa yote kwishney. Na siki haina kemikali, tunaiweka kwenye kachumbari kila siku, itaharibuje kioo

dogo_sinza
Hata mimi nina tatizo hilo hilo la kioo cha pembeni, upande wa dereva, mvua ikinyesha ukungu unaingia kwa ndani kabisa usiku sioni bodaboda wanaokuja nyuma. Nilipeleka kwa fundi akasema ninunue kizima. Hiyo siki inafanya kazi kwenye gari?

bibie_kimara
@dogo_sinza mdogo wangu pembeni mwa kioo, sio kioo cha pembeni 😂😂

fundi_vioo_bugu
Nakata na kufunga vioo Buguruni mwaka wa kumi na saba huu, niseme kidogo. Dada wa Kimara yuko sahihi kwa dawa, amekosea kwa namna ya kuitumia. Yale madoa meupe ni chokaa iliyobaki maji yalipokauka, na chokaa inayeyushwa na kitu kikali kama siki au ndimu. Spiriti haiyeyushi chokaa hata ukisugua mpaka kesho, yenyewe inaondoa mafuta, alama za vidole na ule utando wa sabuni unaofanya kioo kionekane kama kina moshi. Kwahiyo hapo sio ipi bora, kila moja na kazi yake.

Shida ni ile chupa ya kupuliza. Ukipuliza kioo chote kiloane, maji yanateremka mpaka chini, yanaingia kwenye ule mfereji wa alumini na yanakaa hapo. Nyuma ya kioo kuna fedha nyembamba sana, vioo vingi vina shaba juu ya fedha, halafu ndo rangi ya kulinda. Kwa nyuma rangi imefunika vizuri, lakini pale kioo kilipokatwa, fedha na shaba zimebaki wazi kwenye unene wa ukingo. Maji yakikaa hapo yananyonywa kupanda juu kati ya rangi na kioo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Ndo maana weusi wako unapanda kama vidole, hauendi sawa. Yakiwa maji matupu yanakula polepole, yakiwa na siki yanakula haraka. Siki ya kachumbari haikudhuru tumboni, ila fedha na shaba hazina tumbo.

Hiyo ya bluu angalia nyuma ya chupa, au inuse, ikikukaba pua ina amonia. Amonia na shaba ni maadui. Katikati ya kioo haina neno kwa sababu inagusa glasi tu, ila kwenye ukingo mi siigusishi kabisa.

mkazi_wa_tegeta
Mkuu shukrani sana. Sasa ule weusi unatoka na nini? Maana nimejaribu kusugua kidogo na dawa ya meno

fundi_vioo_bugu
Hautoki. Hapo hakuna uchafu, hapo kioo chenyewe hakipo tena, fedha imeshaliwa unaona rangi ya nyuma. Na dawa ya meno iache, zingine zina mchanga mchanga zitakuwekea mikwaruzo.

Kama una doa hujui liko mbele au nyuma, fanya hivi. Simama upande kidogo, lisiangalie kwa mbele. Doa lililo juu ya glasi utaliona mara mbili, lenyewe na pacha wake kwenye kioo, na katikati yao kuna nafasi kidogo. Doa la nyuma ni moja tu halina pacha. La mbele pitishia ukucha, chokaa utaisikia inakwaruza. Lenye pacha safisha, lisilo na pacha usipoteze nguvu.

mzee_upanga
Fundi kaongea vizuri. Mimi naongezea kwamba nyumba yetu ina vioo tangu miaka ya 80 na havijawahi kula pembeni, na mama alikuwa anafuta na gazeti na maji ya ndimu. Vioo vya siku hizi ni vyepesi, hiyo ndo sababu, msiwasingizie siki.

fundi_vioo_bugu
Mzee wangu shikamoo. Sibishi kwamba kuna vioo vyepesi, vipo, rangi ya nyuma imepigwa moja ukikwangua na ukucha inatoka. Lakini nikuulize, hicho cha nyumbani kiko bafuni au sebuleni? Na kina fremu?

mzee_upanga
Marahaba. Kiko koridoni. Fremu ya mninga.

bibie_kimara
Haya fundi nimekubali yaishe 😅 sasa nisafisheje bila kupuliza, maana mi nina vioo vitatu na sina muda wa kubembeleza kioo

fundi_vioo_bugu
Hakuna kubembeleza dada, ni kubadilisha tu mahali pa kumwaga. Mwagia kitambaa, usimwagie kioo. Kitambaa kiloane, ukikikamua kisidondoshe. Chukua siki nusu na maji ya kunywa nusu, lowanisha kitambaa, kibandike juu ya madoa dakika tatu mpaka tano kisha ufute. Yakigoma rudia, usiongeze ukali. Acha vidole viwili kutoka kila ukingo usipeleke siki hapo. Ukimaliza pitisha kitambaa kingine chenye maji ya kunywa kuondoa siki. Nasema maji ya kunywa kwa sababu ukisuuza na yale ya kisima umeandika madoa mapya, utashangaa kesho yamerudi utasema dawa feki.

Zile sehemu za pembeni ulizoziruka, futa na kitambaa chenye spiriti kidogo sana, ile ya asilimia 70, inakauka yenyewe haraka kabla haijapata njia ya kuingia. Kidogo nimesema, ukiloweka ukingo na spiriti utalainisha rangi. Na usifanye ukiwa umewasha mshumaa eti umeme umekatika. Mwisho kabisa kitambaa kikavu, kipitishe kwenye ukingo wa chini kwanza, halafu kikunje kona uichomeke kwenye ule mfereji unyonye kilichobaki. Watu wanaanza juu wanamaliza katikati, chini wanakuacha, na chini ndo kuna kesi.

mama_wawili_kigamboni
Na ukungu je? Mie napaka sabuni ya vyombo tone moja kwenye kitambaa kikavu, nasugua kioo chote mpaka isionekane, inakaa siku nne tano bila ukungu. Povu la kunyolea nalo linafanya hivyo hivyo ila mume wangu alinuna nilipomalizia kopo lake.

fundi_vioo_bugu
Iko sawa hiyo dada, ila isiwe nene itaacha utando, na pembeni usipake. Ukungu wenyewe sio ugonjwa, ni mvuke umekutana na kioo cha baridi. Ugonjwa ni ukungu ukigeuka matone ukateremka chini kila asubuhi. Mkazi, bafu lako lina dirisha?

mkazi_wa_tegeta
Lina kile kidirisha kidogo cha juu, waifu anakifunga sababu ya mbu.

mama_wawili_kigamboni
Weka wavu mfungue jamani

mkazi_wa_tegeta
Wakuu narudi baada ya wiki tatu. Nimefanya kama fundi alivyosema, siki katikati, spiriti pembeni. Madoa meupe yameisha, yamebaki mawili matatu nadhani yameshakula glasi maana hayana ukwaruzo ila yanaonekana. Pale juu ya weusi nilibandika vipande vya selotepu kwenye ncha za vidole vitatu nikaandika tarehe. Viwili havijasogea. Kimoja cha kushoto kimevuka selotepu kama milimita mbili. Nikajiuliza maji yanatoka wapi na mimi nakausha kila siku, nikafungua klipu nikakishusha. Aisee. Ukuta nyuma ya upande wa kushoto una unyevu, rangi imevimba, na yule aliyenifungia alikuwa ameweka mabonge matano ya silikoni nyuma. Kila penye bonge kuna kivuli cheusi upande wa mbele ambacho sikuwa nimekiona, kidogo kidogo tu.

fundi_vioo_bugu
Ile silikoni ilikuwa inanuka siki wakati anaweka?

mkazi_wa_tegeta
Ndio! Nyumba nzima ilinuka siku mbili. Nilidhani ndo ubora.

fundi_vioo_bugu
Basi hiyo ndo umemwekea siki nyuma kabisa mkuu, sasa hapo kitambaa chako kitasaidia nini. Silikoni inayonuka siki ikikauka inatoa tindikali, nzuri kwa akwariamu na masinki, nyuma ya kioo hapana. Dukani uliza ile isiyo na harufu ya siki, ya kufungia vioo, ni ghali kidogo. Cha kufanya, mtafute fundi bomba aangalie huo ukuta kwanza, usirudishe kioo kwenye ukuta mbichi. Kioo chenyewe kinaokoleka, kikatwe sentimita 4 chini weusi wote uondoke kibaki 86, ukingo upigwe msasa, ukauke, upakwe rangi ya ukingo. Ukirudisha weka vipande vya mpira nyuma kiachane na ukuta milimita 4 au 5 hewa ipite, na ule mfereji wa alumini utobolewe matundu mawili chini maji yasilale.

mzee_upanga
Rangi ya ukingo wengine wanatumia ile ya kucha, isiyo na rangi. Binti yangu kafanya.

bibie_kimara
Kweli inafanya kazi hiyo? Mi ninayo hapa sasa hivi nipake leo

fundi_vioo_bugu
Nimeona iliyodumu mwaka na nimeona iliyobanduka mwezi wa pili, tena ikibanduka inatengeneza mfuko wa kutunzia maji. Ukingo ukiwa mkavu kabisa inaweza kusaidia. Ukiwa umeshaanza kuliwa ukipaka unafungia unyevu ndani. Mi kwangu sijaitumia.

mzee_upanga
Cha binti kina miezi minane hakina tatizo.

mkazi_wa_tegeta
Fundi bomba kaja, kasema ni paipu ya shawa ya chumba cha pili inavuja taratibu. Kioo nimekilaza kwenye kitanda cha wageni kinasubiri kukatwa. Fundi, upo Buguruni sehemu gani, na je hivyo vivuli vya silikoni vya katikati vitaendelea kukua au vitaishia hapo?

fundi_vioo_bugu
Nakutumia namba inboksi. Hivyo vya katikati kwangua silikoni taratibu na uzi wa kuvulia samaki, usitumie kisu, kisha weka selotepu na tarehe kama ulivyofanya. Vingine vinaishia hapo, vingine vinaendelea.

dogo_sinza
Kwahiyo cha gari ninunue kizima tu?