Wenye maduka ya dawa Dar, haya matone ya kung'arisha macho mnauza kama pipi!

Macho_Makavu: Wakuu, leo nasema hadharani. Mtu anaingia duka la dawa Mbagala, Manzese, popote, anasema "macho yangu mekundu". Muuzaji hamtazami hata jicho, anachomoa kichupa, anapokea hela, basi. Karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi inasema usizidishe siku tatu. Nani anamwambia mteja? Hakuna! Mwezi ukiisha karudi kununua kingine, na muuzaji anacheka naye kama mteja wa vocha.

Geuzeni boksi msome jina la dawa: nafazolini, tetrahidrozolini, au jingine linaloishia hivyo hivyo. Dawa hizi hazitibu kitu. Zinabana mishipa midogo ya damu iliyo juu ya weupe wa jicho, dakika chache tu jicho linakuwa jeupe kama la mtoto. Vumbi, ukavu au aleji iliyoleta wekundu bado ipo palepale.

Sasa chukulieni dereva wa bodaboda anayeshinda kwenye vumbi na upepo bila miwani. Anaweka asubuhi, anang'aa mpaka mchana. Siku zinavyokwenda mishipa inaizoea dawa, weupe unadumu muda mfupi zaidi. Tena mishipa iliyokaa imebanwa imekosa damu ya kutosha, kwa hiyo dawa ikiisha nguvu inatanuka kupita ilivyokuwa mwanzo. Anajitazama kwenye kioo cha pikipiki, anaona jicho limezidi wekundu, anaongeza tone. Sasa anatibu wekundu ulioletwa na dawa yenyewe! Na huko dukani anaambiwa "ongeza dozi".

Kijana wa Tandika: Mkuu umeongea. Ila hizo ni za zamani. Dawa ni deksa, wekundu unakata siku moja na haurudi.

Macho_Makavu: Hapo umepata nusu, ndugu yangu. Deksa kweli inatuliza uvimbe na wekundu. Lakini ni steroidi: ikitumika wiki kadhaa bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho, nawe huhisi chochote mpaka uoni uanze kupungua. Na kama jicho lina kidonda cha virusi vya malengelenge, umekimwagia petroli. Hiyo isiguswe bila mtu wa macho kukutazama kwa mashine yake.

Mama Swaumu: Jamani, huu si ule ugonjwa wa macho mekundu uliosambaa Dar Januari 2024? Wanangu walipata wote, asubuhi kope zimegandana. Nikawape nini?

Nesi wa Zamu: Mama, ule ni tofauti, ni maambukizi ya virusi. Yana tongotongo na machozi, huanza jicho moja likaambukiza la pili. Osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kila mtoto na taulo lake, mikono sabuni. Hawa wa mleta uzi macho yao hayana tongotongo. Yanang'aa baada ya tone, kisha yanarudi mekundu zaidi, kila siku hivyo hivyo.

Abiria wa Mbezi: Mimi natumia mwaka wa pili sasa. Nikiacha natisha watu ofisini. Naachaje?

Nesi wa Zamu: Acha, ila jiandae: siku za mwanzo yatakuwa mekundu vibaya, na kutulia kabisa kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Badala yake weka machozi ya bandia, tone moja mara nne kwa siku. Moja linatosha, la pili linamwagika shavuni. Ukihitaji zaidi ya mara nne, tafuta yale ya vichupa vidogo vya siku moja yasiyo na kihifadhi, maana kihifadhi nacho kinaunguza. Kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope, dakika kumi. Kama yanawasha, huenda tatizo ni aleji. Ulizia matone ya aleji kama ketotifeni, asubuhi na jioni. Hakikisha boksi halina na ile ya kubana mishipa, maana wengine huzichanganya.

Abiria wa Mbezi: Niache yote mawili, au jicho moja kwanza?

Nesi wa Zamu: Wengine huanza na moja ili angalau moja lipendeze. Mimi naona yote mawili kwa pamoja.

Macho_Makavu: Mimi napinga, mtu wa kaunta hawezi kukaa macho mekundu yote. Aanze na moja.

Kijana wa Tandika: Na likiuma?

Nesi wa Zamu: Likiuma, ukiogopa mwanga, uoni ukififia au ukiona duara za rangi kwenye taa, usinunue tone lolote, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na vichupa mlivyobaki navyo viwekeni mbali na watoto. Mtoto mdogo akinywa hata mililita moja au mbili anaweza kulegea, mapigo ya moyo yakashuka na pumzi ikawa ya shida. Mkimbizeni hospitali na kichupa chenyewe mkononi, msimtapishe.