Kopo la maziwa ya mtoto limeandikwa fl oz, chupa yangu ina ml tu. Naweka maji kiasi gani?

MamaRau
Habari za jioni wakuu. Mtoto ana miezi miwili na nusu, anatumia maziwa ya kopo. Tulikuwa tunanunua ya hapa hapa Moshi, sasa wifi yangu ametuma makopo kutoka Marekani. Jedwali lake linasema maji 2 fl oz kijiko 1, 4 fl oz vijiko 2, 8 fl oz vijiko 4. Chupa tuliyonunua Mbuyuni ina alama za ml peke yake. Nimetafuta mtandaoni, mmoja anasema aunsi ni 28, mwingine 29 na nusu, mwingine 30. Nishike ipi? Halafu nikiweka maji mpaka 120 na kuchanganya, maziwa yanapanda yanapita 130. Je, maji yapungue ili yaishie 120?

Kibo_2
Aunsi moja ni 28.35, hiyo ndiyo sahihi, tunaitumia kila siku kupima viungo vya keki. Zidisha tu. 2 fl oz ni 56.7, kwa hiyo weka 57.

MfamasiaSakina
Kibo_2, hiyo 28.35 ni ya uzito, ni gramu. Ni sahihi kwa unga wa keki, lakini hapa tunapima ujazo wa maji. Dada angalia kopo lako, chini mbele kuna mahali pameandikwa NET WT na aunsi kadhaa, pembeni gramu. Hiyo ndiyo aunsi ya Kibo_2, na inahusu unga wote uliomo koponi. Kwenye jedwali la kuchanganya kuna herufi mbili za ziada, "fl", na hizo ndizo za maji.

Aunsi ya maji nayo ziko mbili. Ya Marekani ni ml 29.57, ya Uingereza ni ml 28.41. Kopo lako ni la Marekani, basi ni 29.57. Fl oz 2 ni ml 59, fl oz 4 ni ml 118, fl oz 8 ni ml 237. Kwenye chupa unaweka 60, 120 na 240. Tofauti hiyo haifiki asilimia 2, na hakuna jicho linaloweza kuisoma kwenye chupa ya plastiki. Makopo mengi ya Marekani yenyewe yana 60 mL kwa herufi ndogo karibu na 2 fl oz. Washa tochi ya simu, huenda unayo na hujaiona.

Swali la pili ndilo lenye hatari kuliko la kwanza. USIPUNGUZE MAJI. Jedwali linataja maji kabla ya unga. Kijiko kimoja cha kopo la aina hiyo kinabeba unga wa karibu gramu 8.7, na unga huo ukiyeyuka unachukua nafasi ya ml 6 hadi 7. Vijiko viwili vinapandisha maziwa kutoka 120 hadi kama 133. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Ukianza na unga kisha ukajaza maji mpaka 120, maji yenyewe yatakuwa ml 107 tu, na maziwa yamekuwa mazito kwa asilimia 12 kila mlo, usiku na mchana. Maji kwanza, unasoma mstari, ndipo unga unaingia.

Baba_Pacha_Njiro
Sisi pacha wetu wanakunywa aunsi 4 kila baada ya saa tatu na wana miezi mitatu. Wa kwako anakunywa ngapi? Labda humpi ya kutosha.

MamaRau
Baba Pacha asante, ila kiasi cha kunywa si tatizo, anamaliza. Tatizo ni vipimo. @MfamasiaSakina ubarikiwe. Naongeza jambo: choo chake kimekuwa kigumu wiki hii, vidonge vidonge kama vya mbuzi. Je, ni maziwa ya Marekani hayamfai?

MfamasiaSakina
Kabla hatujayahukumu maziwa, nijibu mawili. Nani anachanganya mchana? Na kijiko mnachotumia kimetoka kopo gani?

MamaRau
Mchana ni dada wa kazi. Kijiko ni cha kopo hili jipya. Nimemuuliza sasa hivi, anasema anaweka vijiko 4 kwenye 120, kama alivyozoea.

MfamasiaSakina
Basi hapo ndipo penye shida, wala si kosa lake. Makopo mengi yanayouzwa hapa kwetu yana kijiko kidogo, cha gramu 4 na nusu hivi, na sheria yake ni kijiko 1 kwa ml 30. Kwa kijiko kile, vijiko 4 kwenye 120 ni sawa kabisa. Kijiko cha kopo jipya ni kikubwa karibu mara mbili na sheria yake ni 1 kwa ml 60. Vijiko 4 vyake kwenye 120 ni gramu 35 za unga mahali pa gramu 17. Mtoto anakunywa maziwa mazito mara mbili. Figo za umri huo haziwezi kutoa chumvi yote hiyo bila kuchukua maji ya mwilini, ndiyo maana choo kinakauka, na mtoto mwenye kiu analia kama mwenye njaa, anapewa chupa nyingine nzito vile vile.

Kuanzia mlo ujao: maji 120, vijiko 2. Usijaribu kufidia kwa kumpa maziwa mepesi au maji matupu, chumvi ya damu ikishuka ghafla inaleta degedege. Mwangalie leo. Nepi za mkojo zimepungua? Utosi umebonyea? Amelegea, au analia bila kunyamazishika? Kimoja kikiwepo, nenda hospitali usiku huu huu, na uwaambie kipimo kilikuwaje. Hata kama havipo, kesho asubuhi mpeleke aonwe.

MamaRau
Utosi uko sawa, amekojoa nepi nne tangu asubuhi, anacheka. Kesho nampeleka kabisa.

Kibo_2
Kwa nini basi asitumie kile kijiko cha zamani? Vijiko viwili vidogo si sawa na kimoja kikubwa?

MfamasiaSakina
Kwa makadirio, inakaribia. Lakini 4.5 mara mbili ni 9, kubwa ni 8.7, na unga wa kampuni moja haulali kwenye kijiko kama wa nyingine. Mwingine ni mwepesi, mwingine unashikana. Kijiko kikae kwenye kopo lake. Cha zamani kitupe kabisa, kisibaki droo moja na hiki. Na kijiko kinasawazishwa kwa mgongo wa kisu, unga haushindiliwi.

Shantytown_Mama
Ninayo ya Uingereza, imeandikwa 30 ml kijiko kimoja na pembeni "1 fl oz". Ila chupa yangu ina ml upande mmoja na oz upande wa pili, na mstari wa 4 oz uko chini ya 120, karibu na 115. Nani mkweli?

MfamasiaSakina
Wote wawili. Chupa yako ina aunsi za Uingereza, 4 zake ni ml 114. Njia rahisi ya kujua ni kutazama 8 oz. Ikikaa chini kidogo ya 240, ni ya Marekani. Ikiwa iko chini ya 230, ni ya Uingereza. Kwa kopo lenye ml, funika upande wa oz kwa plasta na uusahau.

Pasua_Boy
Mwanangu anataka 90 tu. Kwa kijiko cha ml 60, naweka kimoja na nusu?

Nesi_Kijenge
Nusu hakuna anayeipima vizuri kwa macho. Leo itakuwa theluthi, kesho robo tatu. Tengeneza 120 kwa vijiko 2, mpe anachotaka, kilichobaki mwaga ndani ya saa moja tangu aanze kunyonya. Inauma kumwaga kwa bei za sasa, najua.

Niongeze kuhusu maji. Pima BAADA ya kuchemsha. Ukipima 120 ndipo uchemshe kwenye sufuria, mengine yanapotea na mvuke, unarudi kwenye maziwa mazito. Unga haujauliwa vijidudu vyote kiwandani, kwa hiyo maji yawe bado ya moto, nyuzi 70 au zaidi, ndipo unga uingie. Huku Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, bado yanatosha. Lita moja ikishachemka usiiache zaidi ya nusu saa. Ukishachanganya, poza chupa kwenye beseni la maji baridi, kisha dondoshea mkononi kabla ya kumpa.

Ngarenanyuki1
Na sisi wenye maji ya floraidi? Nachemsha sana ili ipungue.

Nesi_Kijenge
Haipungui. Maji yanapungua, floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo inazidi kukolea. Kwa Ngarenanyuki, Maji ya Chai na pande hizo, tafuta maji ya chanzo kingine kwa ajili ya chupa ya mtoto. Chujio la mkaa wa mifupa linasaidia, kituo cha Ngurdoto kimelifanyia kazi miaka mingi, ila mkaa ukichoka huwezi kuona kwa macho.

Ngarenanyuki1
Ya chupa za dukani je? Kuna wanaosema yana madini mengi.

Nesi_Kijenge
Soma lebo, angalia floraidi na sodiamu, chagua yenye namba ndogo. Nayo yachemshwe pia. Ipi hasa, sitataja.

Kibo_2
Wengine tunaweka maji ya moto kwenye chupa ya chai usiku kucha. Yanafika 70 saa kumi alfajiri?

MfamasiaSakina
Inategemea chupa. Nyingine yanashika, nyingine saa saba tayari ni vuguvugu. Kipimajoto cha jikoni ndicho kitakachokujibu.

MamaRau, jambo la mwisho kabla ya kulala. Chukua bomba la sindano jipya la ml 20 duka la dawa, bila sindano yenyewe. Vuta maji mpaka 20, mwaga kwenye chupa, mara tatu. Weka chupa mezani, inama macho yawe sawa na mstari. Maji yafike 60.

MamaRau
Nilikuwa nalo la ml 10, nimefanya mara sita. Yamekuwa chini ya mstari wa 60. Nimeongeza ml 5 ndipo yakagusa.

MfamasiaSakina
Maana yake mstari wako wa 60 unabeba 65, huenda maziwa ya usiku yamekuwa mepesi kwa asilimia 8 hivi na ya mchana mazito. Rudia kwa 120, maana kosa la mstari mmoja si lazima lifanane na la mwingine. Kisha chora mstari wako kwa kalamu isiyofutika nje ya chupa, na dada wa kazi aone ukichora.

Shantytown_Mama
Nimepima yangu pia. 60 iko sawa, 120 imezidi kidogo. Sasa hizo chupa zina faida gani?