Tupeane uzoefu: kikundi kuweka fedha zote kwenye biashara moja

Mweka hazina, Babati
Habari zenu wana vikundi. Naanza na yangu. Mwaka 2017 kikundi chetu cha hisa kilikuwa na 4,800,000 kwenye sanduku. Msimu uliotangulia mbaazi zilikuwa zimelipa, basi wakati wa mavuno tukakubaliana tununue gunia 60 za kilo mia kwa 800 kilo. Wenye funguo tatu walifungua, nikahesabu, likabaki sanduku tupu. Nami niliunga mkono, kwa sababu nilikuwa nimeziona bei za jana tu.

Agosti ya mwaka huohuo India ikaweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje. Mnunuzi wetu mkubwa ni yeye, kwa hiyo madalali wakaacha kupokea simu. Tukasubiri. Novemba nilifungua gunia moja, nikaingiza mkono, ukatoka na unga, punje zimetobolewa. Tuliuza kwa 300, tukapata 1,800,000. Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja aliyekuja kuomba mkopo wa kumpeleka mtoto hospitali. Hela yake mwenyewe ilikuwa ghalani, na mimi sikuwa na cha kumpa.

Mama Ntilie
Pole sana dada. Ila hapo daftari lilikuwa linasomwa mbele ya wanachama? Kwetu mweka hazina alikula hela.

Mweka hazina, Babati
Lilisomwa kila wiki, mama. Hakuna senti iliyoibwa.

Kijana wa Kondoa
Sisi tulijifunza, tukagawa: mahindi, alizeti na maharage. Likianguka zao moja, mengine yanabeba.

Bwana Shamba mstaafu
Umegawa mazao, mwanangu, hujagawa mvua. Ikikatika mapema, yote matatu yanakauka pamoja. Na kuna mtego mwingine: kikundi kinasema hakifanyi biashara, kinakopesha tu, kumbe wakopaji ishirini wote wanakwenda kununua ufuta. Bei ikishuka, marejesho yanakwama siku moja. Katibu aandike mkopo unakwenda kufanya nini, kisha kabla ya kutoa mwingine mjumlishe zao hilo limeshabeba kiasi gani.

Mweka hazina, Babati
Shikamoo mzee, hilo la wakopaji hatukuwa tumeliona. Sasa biashara ya kikundi haipewi zaidi ya robo ya sanduku, na mfuko wa jamii haukopeshwi biashara kabisa. Mikopo mingine tunawapa mama lishe, fundi cherehani, wenye ng'ombe wa maziwa.

Mfuga kuku
Robo ni ndogo mno! Mwisho wa mzunguko watu wanataka gawio la maana. Sisi tuliweka nusu kwenye kuku, tukafaidi.

Bwana Shamba mstaafu
Na kideri kingepita?

Mfuga kuku
Tuliwachanja, mzee. Lakini kweli, banda ni moja.

Mama Ntilie
Dada, yule mtoto alitibiwa?

Mweka hazina, Babati
Alitibiwa. Mama yake aliuza mbuzi wawili kwa bei ya haraka. Bado hajarudi kikundini.